Nilivyowaandikia Wazee Wangu Kuwa Nimesilimu

Kaka yangu mkubwa alifika Buguruni siku ya Jumapili asubuhi, na hilo peke yake lilinitosha kujua kwamba habari zangu zimefika nyumbani. Sisi tulikuwa watoto wa katekista. Kwetu, kule juu ya milima ya Uluguru, Jumapili mtu hatoki hata kwenda kuchota maji mpaka misa iishe. Sasa huyu amepanda treni Morogoro, ameshuka stesheni ya Dar es Salaam, ametembea kwa miguu mpaka kwenye nyumba niliyopanga, na misa ameiacha nyuma yake.

Nilikuwa uani nafua sare zangu za kazi. Nilikuwa mkunga katika kliniki ya akina mama, nimefundishwa na masista wa misheni, na sare zile nyeupe zilitaka kufuliwa kila mara. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenijia, mjane mnene mwenye sauti ndogo.

"Mwanangu, kuna mgeni barazani. Kafanana na wewe mpaka masikio."

Nilijifuta mikono, nikajitanda ushungi wangu, nikatoka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Aliitikia huku akiutazama ushungi, uso hakuutazama. "Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli, kaka."

"Ni nani?"

"Nani, kivipi?"

"Huyo mwanamume. Shangazi anasema lazima yupo mwanamume. Anasema msichana habadili dini hivihivi kama anayebadili kanga."

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka tu, kwa sababu nilimwona shangazi kabisa akiyasema maneno hayo na mkono kiunoni. Kaka hakucheka. Mama mwenye nyumba alimletea maji ya mtungini kwenye bilauri, akayapokea kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, akashukuru, kisha akakaa nayo asiyanywe.

"Hakuna mwanamume," nikamwambia. "Angekuwepo ningekuambia."

"Basi wamekupa nini?"

Swali hilo lilinishinda kulijibu pale barazani, watu wakipita na baiskeli na kuku. Akanisimulia yaliyotokea nyumbani. Mama mmoja wa kijijini kwetu alikuja mjini kuuza maharage, akaniona nimefuatana na wanawake wenzangu tunakwenda maulidini, nimevaa buibui. Alirudi na habari hiyo juu ya mlima kabla hata hajautua mzigo wake. Baba alimaliza kuwafundisha wakatekumeni wake, wanaojiandaa kubatizwa, jioni ile, akaingia ndani, akalala bila kula. Mama alilia. Mjomba, ndugu yake mama, ambaye kwa desturi yetu Waluguru ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, alisema nirudishwe hata kwa kamba.

"Umekuja na kamba?" nikamuuliza.

Safari hii alitabasamu kidogo. "Sikuja nayo."

Adhuhuri mama mwenye nyumba alipakua wali wa nazi na samaki. Kaka alisema ameshiba. Ni mtu aliyetoka Morogoro na tumbo tupu! Mama yule hakumbembeleza. Aliweka sahani mbele yake, akaondoka na kutuachia nafasi. Baada ya muda mfupi sahani ilikuwa nyeupe, na bilauri ya maji imekauka.

Alipokuwa anaaga nilimwomba awaelezee wazee kwa niaba yangu. Alikataa. "Mimi sijui umeingia kwa nini, nitawaeleza nini? Waandikie mwenyewe. Barua nitaibeba, nitaisoma mbele yao neno kwa neno, sitaongeza wala sitapunguza. Nalala kwa rafiki yangu Ilala. Kesho kabla ya treni nitapita kuichukua."

Basi mchana ule wote nilikaa chumbani na karatasi.

Kabla sijaeleza nilichoandika, inafaa niseme jambo lilivyoanza, maana ndilo nililolazimika kulifikiria nikiwa nimeshika kalamu. Karibu mwaka mzima kabla ya hapo, kliniki yetu ilimpokea mama mmoja mjamzito aliyetoka kusini. Alikuja mjini kumfuata mume, mume hakumwona. Alijifungua mtoto aliyekwisha kufa, na yeye mwenyewe damu ikakataa kukatika. Tulifanya tulichoweza. Alikufa amenishika kidole. Jina lake tulilijua, na kwa jina hilo tulijua ni Mwislamu, basi. Hakuwa na ndugu hata mmoja. Jioni ile nilimsimulia mama mwenye nyumba kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumsimulia, nikidhani atanipa pole. Yeye aliinuka, akajifunga kanga, akasema, "Yuko wapi? Ana haki zake huyo."

Kesho yake asubuhi walikuja wanawake wa mtaa, wauza vitumbua, wake za makarani, bibi mmoja wa Kiarabu mwenye duka la nguo ambaye ndiye aliyetoa sanda. Hakuna aliyemjua marehemu. Mie nilipewa kazi ya kuchota maji tu, lakini niliona. Walimfunika shuka wakati wote, wakamwosha mikono yao ikiwa chini ya shuka, asionekane. Walianza upande wa kulia. Maji ya kwanza yalikuwa na majani ya mkunazi, ya mwisho yalitiwa kafuri. Walimkanda tumbo polepole, kama mtu aliye hai na anayeumwa. Kisha mama mwenye nyumba wangu akaketi kwenye kigoda, akazichana nywele za yule mgeni, akazisuka mikia mitatu, akailaza nyuma. Akavishwa sanda yake ya vipande vitano. Nje wanaume walikwisha kujipanga kumswalia, na wao pia hawakumjua.

Nilimuuliza mama mwenye nyumba, "Mnafanya hivi kwa kila mtu?"

Akanishangaa. "Ni wajibu wa sote. Akitokea wa kuifanya, wengine wamesalimika. Asipotokea hata mmoja, mtaa mzima tuna dhambi."

Maneno hayo yalinikaa. Sisemi kwamba kwetu hatuziki watu. Baba yangu amezika wengi na amelia na wafiwa kuliko mtu yeyote ninayemjua. Lakini pale ndipo nilipoanza kuuliza. Bi mwalimu aliyefundisha wanawake Kurani mtaani alinijibu mengi, na mengine alisema hajui. Nilimuuliza habari za Yesu, ambaye wao humwita Isa, miezi na miezi. Nilibishana naye kwa majibu yote ya katekisimu, na mie katekisimu niliijua kwa moyo. Hakuna aliyenisukuma. Nilipomwambia niko tayari, bi mwalimu alinirudisha nikafikiri tena. "Dini hailazimishwi," akasema, "hata na nafsi yako mwenyewe ikiwa na haraka." Nilirudi baadaye. Nilitamka shahada ukumbini kwa mama mwenye nyumba, mbele ya bi mwalimu na mumewe na majirani wawili, mara moja kwa Kiarabu na mara moja kwa Kiswahili ili nijue ninachosema. Halafu nikaenda uani kuoga josho. Maji yalikuwa ya baridi. Nilitetemeka, na nilikuwa na furaha, na nilimkumbuka mama yangu.

Sasa barua. Taabu ya kwanza ilikuwa salamu. Nyumbani kwetu barua haikuanza ila kwa kumsifu Kristu, na anayeisikia huitikia "Milele, amina." Kuandika hivyo kungekuwa ni kuwadanganya. Kuandika salamu ya Kiislamu kungekuwa ni kuwapiga kofi kabla hata sijaketi. Nilichana karatasi mbili. Mwishowe nikakumbuka kuwa mie ni mtoto wao kabla ya kuwa kitu kingine chochote, nikaandika: "Baba yangu, mama yangu, mjomba wangu, shangazi yangu, shikamooni." Hapo kalamu ikaanza kwenda.

Barua ile ninayo mpaka leo. Nilirudishiwa mama alipofariki. Baadhi yake ilikuwa hivi:

"Kaka amenikuta mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi yangu, watoto wanazaliwa mikononi mwangu kila siku. Sikurogwa. Shangazi, naomba uniamini, hakuna mwanamume. Siku akitokea mtasikia kwangu kwanza, si kwa muuza maharage.

Mmesema nimemwacha Mungu. Sikumwacha. Yule aliyeziumba nyota ambazo baba alinionyesha nikiwa mgongoni kwake ndiye ninayemsujudia. Nasujudu mara tano kila siku, mpaka magoti yameanza kuwa kama ya baba. Sikujifunza kusali Buguruni. Nilijifunza kwenu. Mngekuwa watu wasiosali, pengine nisingejali swala ya mtu yeyote.

Lakini sitawaficha, kwa sababu baba alitufundisha kuwa uongo mtamu ni sumu. Ninaamini Yesu alizaliwa na bikira, ni Masihi, ni mtume mkubwa wa Mungu. Sisemi tena kuwa ni Mwana wa Mungu. Najua hapa ndipo panapouma, baba. Sikuiacha kwa dharau, wala sikusema neno baya juu ya imani mliyonilea nayo. Nimetafuta kwa muda mrefu, na hapa ndipo moyo wangu ulipotulia.

Mama, usilie kwamba nimelitupa jina mlilonipa kwenye ubatizo. Nilimuuliza bi mwalimu, akasema jina lenye maana njema halina haja ya kubadilishwa. Mlinipa jina la mama yake Yesu, na humu mtaani wanalipenda hilohilo, wanaliongeza sauti moja tu mwishoni. Ukiniita kama zamani nitaitika kama zamani.

Chakula chenu nitakula. Magimbi, ndizi, maharage, yote. Kuku mliyemchinja ninyi watu wa Kitabu ni halali kwangu. Nguruwe ndiye siwezi, na pombe. Nisameheni kwa usumbufu huo.

Mjomba, juu ya shamba la bibi. Sheria niliyoiingia inasema Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Basi fungu langu mdogo wangu alichukue, wala msidhani nimekasirika. Ukinipa mkungu wa ndizi ukiwa hai, hiyo ni zawadi, naipokea kwa mikono miwili.

Na jambo la mwisho. Katika Kurani nimesoma kwamba mzazi akimhimiza mtoto aiache imani yake asimtii katika hilo, lakini akae naye duniani kwa wema. Mama amenibeba tumboni katika udhaifu juu ya udhaifu. Maneno hayo yamo mle. Kwa hiyo hata kama hamtanipokea, dini yangu hainipi ruhusa ya kuwaacha. Nitaendelea kuja. Mkifunga mlango nitakaa barazani."

Kaka alikuja kuichukua asubuhi. Hakuisoma mbele yangu. Aliikunja, akaitia mfukoni ndani ya koti, akanishika bega. Ni yeye aliyenihadithia baadaye ilivyokuwa.

Alisomea ndani, mlango umefungwa, watu wanne wamekaa. Aliposoma "shikamooni," mama aliitikia "marahaba, mwanangu" kwa sauti, kana kwamba nimesimama pale. Mjomba alimkatiza, "Ngoja barua iishe." Sehemu ya Mwana wa Mungu baba aliinama, akafunika uso kwa kiganja, akabaki hivyo mpaka kaka akasita kusoma. Baba akasema, bila kuondoa kiganja, "Endelea." Sehemu ya shamba mjomba alikohoa. Yeye alijiandaa kunitishia kwa shamba hilohilo, sasa nimemwachia kabla hajatisha. Shangazi alisema, "Mwanamume atatokea tu, ngojeni." Barua ilipoisha mama aliuliza jambo moja: "Kwani sufuria zetu atazikataa? Tumepikia nguruwe."

Jibu la baba lilikuja kwa posta. Lilikuwa fupi, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Alisema amekwenda kwa padri kumwambia mwenyewe, na kumwomba apumzishwe ukatekista, maana mtu aliyeshindwa nyumbani kwake atawafundishaje wengine. Padri alimwambia aendelee na kazi. "Sikubaliani na ulilofanya," akaandika, "na sitakubali. Nitakuombea urudi, kila siku, nawe usinikataze. Lakini barua yako haikunitukana mahali popote. Nimeitafuta sehemu hiyo ili nikukasirikie, sikuiona. Njoo mama yako akuone."

Nilikwenda Desemba, baada ya sherehe zao, nisije nikawatia katika hali ngumu siku ya Noeli. Niliposhuka kwenye lori chini ya mlima nilisimama nikifikiri kama niuvue ushungi. Sikuuvua, ila nilifunga kanga juu yake kama wanawake wote wa kwetu wafungavyo wakati wa baridi.

Mama alinikumbatia njiani kabla hatujafika kwenye nyumba. Hakusema lolote la dini. Alinishika mkono kama ninavyowashika wanawake wanaojifunza kutembea tena baada ya kujifungua, akanipeleka moja kwa moja jikoni, akanionyesha chungu kipya cha udongo, kimefunikwa na jani la mgomba.

"Hiki hakijaguswa na nguruwe. Nimekipikia maharage peke yake. Ukiondoka nakificha darini."

"Ahsante, mama."

"Na hayo magoti yako, unapigia wapi?"

Sikuelewa mwanzoni. Alitaka kujua nitasalia wapi. Alikwisha kukifagia chumba cha nyuma, akatandika mkeka mpya. Alichohangaika nacho ni upande. "Kaka yako anasema mnaelekea kunakotoka jua. Lakini kwetu jua linatokea nyuma ya mlima, linachelewa." Tulitoka nje wote wawili tukatafuta. Nilimweleza kuwa Makka iko kaskazini kwetu, imeinama kidogo upande wa mashariki. Alitazama mlima, akanyoosha mkono, akasema, "Basi ni kule kwenye njia ya mtoni." Akarudi ndani kuugeuza mkeka.

Baba alinipokea kwa heshima iliyonitisha. Aliniambia jambo moja tu, kwamba wakatekumeni wake hupita barazani asubuhi na jioni, na angependa nisisalie mahali watakaponiona. Nikamwambia sawa, baba, chumba cha nyuma kinanitosha. Tuliishi hivyo siku zote nilizokaa: alfajiri mie nasali nyuma, yeye anasali mbele, ukuta wa udongo katikati. Asubuhi moja nilichelewa kuamka. Nilisikia anagonga ukuta polepole kwa kifundo cha kidole. "Mama," akaniita, kama alivyoniita nikiwa mdogo, "jogoo amewika zamani." Niliamka nikatawadha, machozi yakichanganyika na maji.

Shangazi naye alipata ushindi wake. Mwaka wa pili baada ya hapo alitokea karani mmoja wa Temeke, mpole, akaniposa, nami nikawaandikia kwanza kama nilivyoahidi. Shangazi akawatangazia watu mlima mzima kuwa yeye aliona mbali. Lakini ikatokea shida ya kweli. Katika Uislamu mwanamke huozwa na walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa, na walii huyo sharti awe Mwislamu. Baba yangu, aliyenizaa na kunilea, hakuweza kuniozesha. Asiye na walii, walii wake ni kadhi. Niliandika hilo pia, bila kulizunguka, nikajua ninamwumiza mara ya pili. Nikamwambia nafasi yake ya baba haichukuliwi na mtu, ni maneno ya ndoa tu ndiyo yatakayotamkwa na mwingine.

Hakujibu. Nilifikiri ndiyo basi.

Siku ya ndoa alifika Temeke pamoja na kaka, amevaa suti yake ya misa, kofia mkononi. Wazee wa mtaa waliinuka wakampa kiti karibu na kadhi. Kadhi yule alikuwa kijana kuliko baba. Alimwamkia, "Shikamoo, mzee," kisha akasema mbele ya watu wote: "Sheria imenipa mimi kutamka. Lakini binti ni wako. Sitamki kitu mpaka nikusikie."

Mie nilikuwa chumbani na wanawake, nasikilizia mlangoni pazia likiwa limeshushwa. Nikasikia kiti kikilia chini ya baba.

"Mimi nilitaka kumwoza kanisani," akasema. "Hilo halikuwa. Huyu kijana nimemuuliza mwanangu wa kiume habari zake, hanywi wala hapigi. Muozeni. Nami namtakia heri."

Kadhi akamshukuru, akaanza hotuba ya nikaha. Mama mwenye nyumba wangu wa Buguruni, aliyekuwa ameketi ubavuni kwangu, akapiga kigelegele kabla ya wakati wake, wenzake wakamkanya huku wanacheka. Nje nikamsikia kaka anamwuliza mtu kwa sauti ya chini kama biriani iko tayari.